Aktivu-aktivu, womu standibai au pailoti laiti: dakika za kurudi kazini zinagharimu ngapi?

Swali: Nasimamia mifumo ya chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu. Tunatumia PostgreSQL kwenye klaudi ya Cape Town. Mwenyekiti anataka aktivu-aktivu na Ayalandi, yaani pande zote mbili zihudumie wanachama kwa wakati mmoja, ili Cape Town ikianguka kazi iendelee; mhasibu anaguna. Je, pailoti laiti au womu standibai haitoshi?

Jibu: Mhasibu ana haki ya kuguna. Tuseme bili yenu ni shilingi 100,000 kwa mwezi: 60,000 za seva za programu, 30,000 za hifadhidata, na 10,000 za diski na trafiki. Kwenye pailoti laiti, Ayalandi mnaweka nakala hai ya hifadhidata peke yake, seva za programu zikiwa zimezimwa. Hapo mnaongeza kama 35,000. Womu standibai inadai pia seva ndogo inayofanya kazi usiku na mchana, tuseme 15,000 zaidi. Aktivu-aktivu ni bili nzima mara ya pili.

Kwa muda wa kurudi, pailoti laiti ihesabie saa moja na womu standibai dakika 10. Basi hizo 15,000, yaani 180,000 kwa mwaka, zinanunua dakika 50. Cape Town ikianguka mara moja kwa mwaka, hata iwe Jumapili ya soko la Kibuye, je, dakika 50 zitawapotezea pesa hizo? Kama hapana, chukueni pailoti laiti.

Aktivu-aktivu hukaribia dakika sufuri, lakini kwa akaunti za pesa ina mtego. Mwanachama ana 10,000. Maombi mawili ya kutoa 8,000 yanaingia kwa pamoja, moja kila upande, na kila upande unaona salio linatosha. Kuzuia hilo, kila muamala lazima usubiri jibu la upande wa pili, zaidi ya milisekunde 100 kila safari, na kiungo kikikatika mnachagua kusimama au kukosea.

Saa ile moja ya pailoti laiti huliwa wapi? Kwanza kwenye kuamua, kwa hiyo andikeni mapema nani anatoa amri. Kisha angalieni nakala imechelewa kiasi gani, halafu muipandishe iwe hifadhidata kuu:

```sql
SELECT now() - pg_last_xact_replay_timestamp();
SELECT pg_promote();
```

Usiku kusipokuwa na miamala, namba ya kwanza hukua hata kama nakala iko sawa, msishtuke. Hakikisheni pia seva ya zamani imefungwa kabisa kabla ya kupandisha, isije ikaamka na kuendelea kuandika.

Kisha washeni seva na mgeuze DNS ielekeze Ayalandi. TTL, yaani sekunde ambazo anwani ya zamani hukumbukwa, ikiwa 3600, wengine watapiga mlango wa zamani kwa saa nzima. Ishusheni iwe 60 leo, si siku ya balaa.

Kinachosahaulika zaidi ni benki na kampuni ya malipo. Nyingi hupokea maombi kutoka kwa anwani za IP zilizosajiliwa tu. Seva za Ayalandi zitawaka vizuri, salio litaonekana, lakini kila utoaji wa pesa utakataliwa. Sajilini anwani za pande zote mbili sasa, kisha kila robo mwaka washeni seva za Ayalandi na mtoe shilingi 10 kupitia huko.