Ng'oa Herufi ya Ndani, Neno Libaki Neno

Juzi msomaji mmoja wa Kasulu, binti wa kidato cha tano, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimekesha na lile fumbo la kung'oa herufi. Nimepata njia, nimepata mvua, yote yananifia mkononi. Hivi kuna neno kweli au unatuzungusha tu?"

Marahaba, mdogo wangu. Yapo, na mengine unayatamka kila siku.

Kwa asiyeujua mchezo, sharti ni hili. Herufi ya kwanza na ya mwisho haziguswi. Herufi zote zilizo katikati unaing'oa moja, unasoma kilichobaki, unairudisha, kisha unang'oa inayofuata. Kila mara kibaki kitu kilichomo kwenye kamusi. Njia ukiitoa j inabaki nia, safi kabisa. Ukitoa i inabaki nja, na hapo neno zima limeanguka. Mvua vivyo hivyo: toa v upate mua, toa u ubaki na mva, ambayo hata mlevi hawezi kuitetea.

Wengi wanakwama kwa sababu wanachukua neno wanalolipenda halafu wanaliombea. Hebu tazama jinsi maneno yetu yalivyojengwa. Kata, soko, baba: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ng'oa ile irabu ya kwanza ya kata, unabaki na kta. Kiswahili hakikubali konsonanti zisizozoeana zibanane namna hiyo, kwa hiyo maneno ya sura hiyo karibu yote yamekufa kabla hujaanza. Mimi huanza na herufi ya pili. Isipotoka salama, sipotezi muda na zilizobaki.

Sasa weka w pale katikati uone mambo yanavyobadilika. Chukua kawa, lile la kufunikia chakula. Toa a, inabaki kwa. Toa w, inabaki kaa. Limepita! W hukubali kukaa nyuma ya k, p na m, na yenyewe ikiondoka, irabu mbili zilizobaki hukaa pamoja bila ugomvi. Pewa nayo ni hivyo hivyo: toa e upate pwa, kama maji ya bahari yanavyopwa, toa w upate pea. Na kuwa, neno ambalo hakuna sentensi tatu zinazopita bila hilo, linakupa kwa na kua.

Kuwa ndilo lililonigombanisha na watu. Pale Ujiji tuna baraza letu la kahawa jioni, na mchezo huu umekuwa mkubwa kuliko bao. Mwamuzi wetu ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, toleo lile la 1981, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Siku hiyo nilianza na kuoa. Toa u, unapata koa, yule konokono asiye na nyumba. Toa o, unapata kua. Mzee akafunua kamusi, akasema kitenzi kimeorodheshwa oa, hiyo ku- ni ya kuazima, neno halipiti. Nikanyamaza. Nikaleta kuwa, akakataa kwa sababu ile ile. Nikamwambia, mwalimu, kuwa si kitenzi tu; "alisema kuwa atakuja" hapo ni kiunganishi, ndugu yake kwamba. Akanitazama, akanywa kahawa yake, akasema tuendelee. Wiki iliyofuata mpwa wake akaleta pewa, ambalo limenyambuliwa kutoka pa, likapita huku watu wakipiga makofi. Sisemi kitu. Ila sijasahau.

Kwa hiyo nawaambia, na nitarudia hadi mchoke: kabla ya neno la kwanza kutajwa, kubalianeni. Ku- ya kitenzi inahesabiwa au hapana? Vitenzi vilivyonyambuliwa vinaingia au vinabaki nje? Msipokubaliana mapema, mwenye kamusi ndiye atakayeshinda siku zote, na wewe utarudi nyumbani na koa wako.

Jambo jingine litakalokuokolea muda ni ch. Neno lolote lenye ch litupe. Usilipapase. H ya ch haiwi ya kwanza wala ya mwisho, kwa hiyo lazima siku moja ing'olewe, na ikitoka inaiacha c peke yake. Onyesha neno moja la Kiswahili sanifu lenye c isiyo na h. Chui, mchele, kichwa, pumzikeni. Ny haina balaa hilo, kwa sababu n na y kila moja inaweza kujitegemea. Nyoa ni mfano: toa y upate noa, toa o upate nya. Nilipoitaja barazani wazee walikohoa kidogo, nikawakumbusha kwamba hata mvua hunya.

Mlango wa tatu ni irabu zilizosongamana. Huu niliupata Mwanga, nikiwa kwenye msingi wa banda langu, fundi ananidai hela ya kupaua. Paua! Nikaacha kumsikiliza. Toa a ya kwanza, pua. Toa u, paa. Ajabu yenyewe ni kwamba ukipaua unapata paa. Fundi alidhani nakwepa deni.

Lakini haya yote ni ya herufi nne, yana herufi mbili tu za kung'oa. Za tano ndizo zinazotenganisha watu. Angalia mwaka. Toa w, maka, yaani kushangaa. Toa k, mwaa, ule wa kusukia mikeka. Mbili zimepita, mchezaji anaanza kucheka, kisha anatoa a na kubaki na mwka. Kwisha. Angeanza na irabu iliyobanwa kati ya konsonanti mbili, asingecheka.

Langu nililipata jikoni kwa mama, akichota mchuzi wa mgebuka uliopikwa kwa mawese. Alikuwa ameshika upawa. Nikaanza na ile irabu iliyobanwa, a kati ya p na w: inabaki upwa. Pw ni salama. Nikatoa p: uawa, kama katika "aliuawa". Nikatoa w: upaa, kule utosini nywele zinakohama. Tatu kwa tatu, na neno linaanza na irabu, kwa hiyo hakuna konsonanti ya mwanzo ya kugombana na ya pili yake.

Nililibeba hadi barazani. Uawa mzee aliikubali kwa shingo upande, maana alishaifungulia pewa mlango. Upaa hakuwa na la kusema. Kofia yake yenyewe ni ushahidi. Ugomvi ulikuwa upwa. Mpwa wake akasema hilo si neno, hajawahi kulisikia Kigoma nzima. Nikamjibu, utalisikia wapi? Upwa ni ile sehemu ya pwani ambayo maji huifunika na kuiacha, na Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Ungekuwa umekulia Bagamoyo usingeuliza. Mzee akafunua kurasa taratibu mno, akasoma, akafunga kamusi, akaniandikia alama tatu.

La herufi sita sijalipata. Nimejaribu kuongeza herufi kwenye upawa mbele na nyuma, halikubali. Mwenye nalo alilete, ila akishaliona asinipigie simu usiku kabla hajaikagua irabu iliyobanwa.