Maswali na majibu ya ushairi: vina vya viambishi

*Karibu kila kitenzi chetu huishia na "a". Basi si kila kitenzi kinafaa kuwa kina cha kingine? (Msomaji, Kongwa)*

Hapana. Kina ni silabi nzima, yaani konsonanti pamoja na irabu yake. "Cheza" na "lima" vinakutana kwenye irabu tu, na mshairi wa vina na mizani hahesabu hapo kuwa pana kina.

*Mwalimu wangu amesema ubeti wangu una vina vya bure, ingawa silabi zote zinalingana. Kosa liko wapi? (Mtunzi chipukizi, Mpwapwa)*

Ubeti uliotuma ni huu:

Masika yamechelewa, shambani tunaonana,
Mbegu hazijagaiwa, majirani twagombana,
Nani atahurumiwa, sote twategemeana,
Tusubiri kuambiwa, mtama tutagawana.

Mizani yako ni sahihi, nane kwa nane, na silabi za "wa" na "na" zimekaa mahali pake. Lakini hebu uondoe kiambishi mwishoni mwa kila mstari: hubaki "on", "gomb", "tegeme" na "gaw", mizizi ambayo haifanani kwa sauti hata kidogo. Kufanana kote kumeletwa na kiambishi cha kutendana, ambacho lugha humpa kila mtu bila jasho, na kwa hiyo msikilizaji akishasikia "tunaonana" na "twagombana" anajua mstari wa tatu utaishaje kabla hujausema. Katikati ya mistari hali ni hiyo hiyo kwa kiambishi cha kutendwa, isipokuwa "yamechelewa", ambacho si cha kutendwa ingawa kinavaa sura hiyo.

Athari ya pili ni ya maana. Kwa kuwa umelazimika kutafuta kitenzi cha kutendana kila mara, wakulima wako wanaonana, wanagombana, wanategemeana na kugawana ndani ya mistari minne, na ukame wenyewe, ambao ndio habari, umepata maneno mawili tu.

Dawa ninayoipendekeza ni kukisogeza kitenzi ndani ya mstari na kuliacha jina au kielezi limalizie. Tazama:

Masika yamechelewa, wingu halikuja jana,
Vumbi rangi ya kahawa, lapanda tangu mchana,
Ghala letu ni ukiwa, mbegu zatafutwa sana,
Tugawane sawasawa, mzee pamwe kijana.

Silabi za vina hazikubadilika, lakini sasa "jana", "mchana", "sana" na "kijana" hazina kiambishi kimoja kinachoziunganisha, na katikati "kahawa", "ukiwa" na "sawasawa" yametoka pembe tofauti za lugha. Kugawana kumebaki, ila kumehamia mwanzo wa mstari. Mkosoaji mkali angeniuliza kuhusu "jana" na "kijana", kwa kuwa silabi mbili za mwisho ni zile zile, naye angekuwa na haki. Ningeulizwa ningelitoa "jana" na kutafuta lingine.

Usielewe kwamba vitenzi vimepigwa marufuku. Kitenzi kimoja kati ya vina vinne hakiudhi, hasa kile ambacho "na" yake ni ya shina lenyewe, kama "shona", "pona" au "tukana".

*Je, "pigwa" na "pendwa" vinatosha kuwa vina vya "wa"? (Msomaji, Kondoa)*

Kwa kipimo cha silabi havitoshi, kwa sababu "pigwa" hugawanyika kuwa pi-gwa na "pendwa" kuwa pe-ndwa. Silabi za mwisho ni "gwa" na "ndwa", wala si "wa". Hapa uvivu unamwadhibu mtunzi mara mbili: anaegemea kiambishi kisha hata kina hakipati. Kauli ya kutendwa hutoa "wa" kamili pale tu inapotanguliwa na irabu, kama katika "pewa", "ambiwa" na "olewa".

*Nikigeuza kitenzi kiwe cha kukanusha, kiishie "i", nimetoka mtegoni? (Msomaji, Manyoni)*

Umebadili mlango tu. "Hatulimi" na "hawasemi" vina "mi" ile ile kwa kuwa mizizi yote miwili inaishia na "m", na hilo ni afadhali kidogo. Lakini "hatulimi" na "hawachezi" havina kina kabisa. Kinachosaidia zaidi ni vitenzi vya mkopo ambavyo havikubali "a" mwishoni, kama "rudi", "jibu", "samehe" na "tafakari", maana "rudi" inaoana vizuri na "baridi" au "ahadi" pasipo kiambishi kuingilia.

*Na "shambani", "nyumbani", "njiani"? (Msomaji, Bahi)*

Ni ugonjwa ule ule, safari hii kwa kiambishi cha mahali. Changanya na "amani", "imani", "thamani" au "nani", na ukubali mahali pamoja tu katika kila ubeti.