Maneno Machache ya Bango la Saluni

Wiki hii msomaji mmoja mwenye saluni Mbagala ameniandikia kwamba bango lake jipya limeanza kumletea wateja wanaoshuka kwenye bajaji, na ameniomba niwaeleze wenzake jinsi tulivyolipanga. Nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu ipo saluni nyingine niliyoifanyia kazi hiyohiyo ambayo mwenyewe alikataa kunilipa akisema, "Maneno mawili tu ndiyo unanidai hela?" Kauli ile bado inaniuma. Kupata maneno mawili yanayofaa ni kazi kubwa kuliko kuandika kumi na mawili.

Bango la huyu dada wa Mbagala ni bati la sentimita 120 kwa 60. Mwanzoni alitaka liandikwe "Karibuni wateja wetu wapendwa kwa huduma bora na za kisasa", kisha huduma zake zote, namba mbili za simu na picha ya mwanamke aliyesuka. Nilimwomba kwanza afikirie abiria wa bajaji. Bajaji ikienda kilomita 30 kwa saa hupita takriban mita 8 kila sekunde, na herufi yenye kimo cha sentimita 10 husomeka bila shida kutoka mita 12 hivi, na kwa kukaza macho kutoka mita 30 na kitu. Kwa hiyo abiria ana sekunde kama nne, tena kuna nguzo, miavuli na watu wanaomkinga.

Kaulimbiu hatukuitafuta vichwani mwetu. Nilimwambia awaulize wateja wanaorudi ni kitu gani kinachowarudisha, na asiwatajie jibu. Hakuna aliyesema "ubora" wala "usasa". Waliyosema ni kwamba mkono wake hauvuti nywele, hivyo mtu analala usiku ule ule bila kichwa kuwaka moto na bila vipele pembezoni mwa nywele. Hapo ndipo ilipotoka "UNASUKA, HUUMII". Kila aliyewahi kushika kichwa kwa maumivu baada ya kusuka anaielewa papo hapo, na saluni ya jirani haiwezi kuinakili kama wasusi wake wanaumiza. Mwenye saluni anayejisifu kwa "huduma bora" hajamwambia mpita njia chochote, na ningependa tuliache kabisa neno hilo.

Orodha ya huduma ilikuwa na kasoro ambayo mafundi wengi wa mabango hawaioni: kusuka, kuosha, kuseti, kuritachi, kubandika, kupamba. Kila mstari ulianza na "ku", na jicho la mtu aliye mbali hushika mwanzo wa neno kwanza, kwa hiyo huduma zote zilionekana kama kitu kimoja. Tuliondoa vitenzi tukabakiza majina. Kisha tukafuta kuosha na kuseti, kwa kuwa mteja anajua kwamba saluni yoyote inavyo, tukabakiza vile vinavyomfanya mtu afunge safari. Alitaka pia neno "DAWA" peke yake, nami nikakataa, kwani mtu anayepita haraka atadhani ni duka la dawa. "RITACHI" haina utata huo.

Baada ya hapo tulipima. Herufi kubwa nene pamoja na nafasi yake huchukua upana wa takriban asilimia 80 ya kimo chake. Tukiacha sentimita 6 kila upande, zinabaki 108, na herufi za kimo cha sentimita 10 zinaenea 13 tu kwa mstari. Kaulimbiu yetu ilienea kwa sababu mkato na zile I mbili ni vyembamba. Ingekuwa na neno moja zaidi, ingebidi herufi zipunguzwe. Chini yake ziliwekwa huduma kwa herufi za sentimita 7:

RASTA • WIVINGI
RITACHI • MAHARUSI

Jina la saluni lilikaa juu kwa sentimita 12. Picha tuliitoa, maana ingekula theluthi ya bati, na namba ya simu tuliipeleka mlangoni, kwa kuwa aliye kwenye bajaji hawezi kuinakili, ila aliyekuta pamefungwa ataihitaji.

Kabla ya kumpa fundi hela, andika maneno yako kwa ukubwa huohuo kwenye maboksi yaliyofunguliwa, yatundike mahali bango litakapokaa, kisha mwombe dereva wa bodaboda asiyeijua saluni yako apite kwa mwendo wake wa kawaida na akueleze alichosoma. Usimsaidie. Akirudi na jina pamoja na huduma moja tu, ondoa neno, umpitishe mwingine. Siku utakayoongeza huduma mpya, futa mojawapo ya zile nne, au iandike kwenye kibati cha pembeni karibu na mlango.