Kiti cha «y» na «en»: somo nililolipia Dunga

Wadogo zangu wa kundi la B1 la Kifaransa, nimesahihisha karatasi zenu 12 jana usiku, stima ikipotea na kurudi, na katika karatasi tisa nimekuta «J'ai en acheté». Tisa! Kosa hilo nililifanya mimi, likafanywa na waliokuja baada yangu, na sasa mmelipokea kama urithi wa ukoo. Sitaeleza upya viwakilishi «y» na «en» ni nini, hayo mliyamaliza A2. Nataka tuzungumze kuhusu mahali vinapokaa, na kwa nini nyinyi hasa, watu mnaoota kwa Kiswahili, mnaviweka pasipo pake.

1. Mkosaji ni neno «nimeinunua».

Likateni vipande: ni-me-i-nunua. «Ni» mnaifanya «je», «me» mnaifanya «ai», «i» ya mtendwa mnaifanya «en», na «nunua» inakuwa «acheté». Mkishona tena mnapata «J'ai en acheté», na mnaridhika kwa sababu kila kipande kimepata mwenzake. Kiswahili hukibandika kiwakilishi kwenye mzizi, kikigusana na maana yenyewe. Kifaransa hakifanyi hivyo katika pase kompoze. Kwake, kitenzi kisaidizi na kile kinachokifuata ni mwili mmoja, na kiwakilishi hukaa mbele ya mwili wote: «J'en ai acheté». Vivyo hivyo «J'y suis allé».

Ukikanusha, ndipo vurugu inapozidi. Mmoja wenu ameandika «Je n'ai pas en acheté», mwingine «Je n'ai en pas acheté». Tengenezeni hivi, polepole, kama mtu anayepanga samaki kwenye karai. Kwanza andika sentensi ya kukubali: «J'en ai acheté». Halafu chukua «en ai» kama furushi moja lisilofunguliwa. Weka «ne» mbele ya furushi na «pas» nyuma yake. Utapata «Je n'en ai pas acheté». Asiyelifungua lile furushi hakosei. Nimewaona wanafunzi wakishika jedwali la rangi tano na bado wakakosea, lakini wa furushi huvuka.

2. Kwenye kitenzi-jina, msikilizeni mama yenu.

Hapa Kiswahili kinawasaidia, na nyinyi mnakikimbia! «Nataka kuinunua»: ile «i» iko wapi? Imekaa ndani ya «kununua», haikupanda kwenye «nataka». Kifaransa nacho ni vivyo hivyo: «Je veux en acheter», «Je vais y aller», «Je peux en parler». Kiwakilishi kinakaa mbele ya kitenzi kinachokimiliki, na anayekimiliki hapa ni «acheter», si «veux». Ukikanusha, «ne» na «pas» vinamzunguka «veux» peke yake: «Je ne veux pas en acheter». Lakini kwa kuwa niliwagombeza sana kuhusu pase kompoze, sasa mnaleta «J'en veux acheter». Mkiiona sentensi ya namna hiyo katika tamthilia za karne ya 17, sawa, zamani ndivyo walivyosema. Mtihani wenu ni wa karne hii.

Kuna mkaidi mmoja anayeikiuka kanuni hii, naye ni «faire». Yeye hukivuta kiwakilishi kije mbele yake: «J'en fais cuire deux», nawapika samaki wawili. Mkumbukeni hivyo alivyo.

3. Namba haifi.

«Tu as des frères ?» Jibu ni «J'en ai trois». Mkisema «J'ai trois», mwenyeji ataendelea kungoja: watatu nini? Na mkisema «J'en ai» pekee, mmeificha namba aliyotaka kuijua. Kiswahili kinayo picha hiyohiyo: «Ninao watatu». Ile «-o» ndiyo «en» yenu. Mkienda Kibuye siku ya Jumapili kununua omena, semeni moyoni «J'en prends deux gorogoros», hata kama mama muuzaji hatawajibu kwa Kifaransa.

4. «Y» inaingia, «en» inatoka. Hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa sijawa mwalimu. Nilikuwa kibarua wa ukalimani, nikichukua kazi ya siku moja hapa na pale Kisumu, na cheti changu nikikitembeza ndani ya plastiki. Nikapata mgeni, mama kutoka Duala, Kamerun, anayefuga samaki kwenye mabwawa. Alitaka kujua bei ya ngege na mbuta ufukweni, kisha tulinganishe na bei ya sokoni mjini. Tukapatana: asubuhi mimi niende Dunga peke yangu niulize, saa saba tukutane Soko la Jubilee.

Nilifanya kazi yangu vizuri. Niliuliza, niliandika, nikapanda boda kurudi mjini. Saa sita na nusu simu ikalia.

«Vous êtes passé à Dunga ?» Umepita Dunga?

Nilitaka kumwambia ndiyo, natoka huko sasa hivi. Kichwani mwangu «huko» ilikuwa «y», kwa sababu mwalimu alitufundisha kwamba «y» ni mahali. Basi nikajibu kwa mbwembwe: «Oui Madame, j'y viens !»

Akasema: «Ah bon ? Alors on se retrouve là-bas.» Basi tutakutana kule. Mimi «kule» yangu ilikuwa Jubilee, tulikokwisha kupatana. Nikamwambia «D'accord». Akakata.

Sasa angalieni nilichomwambia hasa. Kitenzi «venir» kinakubali kwenda kote kuwili: unakuja mahali, au unatoka mahali. Kiswahili hakiteseki, maana kitenzi chenyewe hubadilika: naenda sokoni, natoka sokoni, niko sokoni. Neno «sokoni» halijali, linakaa vilevile mara zote tatu. Kifaransa kinaonyesha njia kwa «à» na «de», na viwakilishi vinayameza maneno hayo pamoja na mahali penyewe. «Je viens à Dunga» inakuwa «J'y viens». «Je viens de Dunga» inakuwa «J'en viens». Ukibadilisha kile kisilabi kimoja, umeugeuza mshale wote. Mimi nilimwambia: nakuja huko.

Kwa hiyo mama wa watu alimwambia dereva ampeleke Dunga. Mimi nikakaa Jubilee, nikanywa chai, nikangoja. Saa saba na nusu nikampigia, hapatikani. Saa nane, hapatikani. Nikaanza kumlaumu moyoni, eti wageni hawatunzi wakati. Saa tisa nikaagiza chapati kwa hasira. Ilipokaribia saa kumi, yule kijana wa boda aliyenirudisha asubuhi alipita, akasimama, akaniuliza: «Bosi, yule Mfaransa wako mbona umemwacha Dunga?» Kwake kila anayesema Kifaransa ni Mfaransa.

Nilimkuta amekalia kreti lililopinduliwa, karibu na mama anayekaanga samaki, miiba ya ngege wawili kwenye sahani, simu imezimika, daftari mapajani. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, akihesabu kwa vidole: «J'y viens. Vous avez dit : j'y viens.» Nikajitetea kwamba nilikuwa natoka huku, ndivyo nilivyomaanisha. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaomba kipande cha gazeti la kufungia samaki, akachora duara, akaliandika «Dunga». Akachora mshale unaoingia, akauandika «y». Akachora mwingine unaotoka, akauandika «en». Gazeti lilikuwa limelowa mafuta, wino ukatawanyika, lakini mishale ilionekana. Akanilipa nusu siku, na nusu ile niliipokea bila kufungua mdomo.

Basi mkiulizwa habari ya mahali, kabla ya kujibu rudisheni jina lenyewe kwanza. Ni «à Dunga» au ni «de Dunga»? «Dans», «sur» na «chez» ziko upande wa «y». «De» peke yake ndiyo inayowapeleka kwa «en». Hata pale pasipo safari: «penser à l'examen» ni «J'y pense», «parler de l'examen» ni «J'en parle». (Mtu je? Mtu hafungwi kwenye «y»: «Je pense à elle». Msije mkamgeuza mchumba kuwa mtihani.)

5. Msiketi wawili kwenye kiti kimoja.

«J'y vais à Nakuru.» «J'en ai acheté du poisson.» Najua zinatoka wapi. Kiswahili kinaturuhusu kusema «Nimemwona mwalimu», na lile «m» na mwalimu wanaishi pamoja kwa amani. Katika maandishi ya Kifaransa mmoja akiingia mwingine anatoka. Mtawasikia wenyewe wakisema «J'en ai, du poisson», na hapo kuna kituo: samaki ameongezwa nyuma kama ufafanuzi. Nyinyi kwenye insha msijaribu.

6. Amri.

«Va au marché» haina «s». «Vas-y» inayo, kwa ajili ya kurahisisha ulimi. Vilevile «mange» na «manges-en». Ukikataza, kiwakilishi kinarudi mbele: «N'y va pas», «N'en mange pas». Lakini «Va en acheter» haina «s» wala kistari, kwa sababu «en» ile ni ya «acheter», haimhusu «va». Mkiona hapo kanuni ya namba 2 inachungulia, basi mmeanza kuiva.

Na «y» ikikutana na «en», «y» hutangulia: «Il y en a». Aliyeandika «Il en y a» anajijua, nami namjua.

7. Nilitaka kuongeza «J'irai», ambayo haitaki «y» kabisa kwa sababu ya sauti mbili zinazogongana, lakini nimekatizwa. Nilikuwa nimemtuma mmoja wenu, wa kiti cha mbele, kwenye duka la fotokopi akachukue mazoezi haya haya. Nimemwandikia kumuuliza kama amefika dukani. Amejibu: «J'y viens, mwalimu.»

Nimetoa kiti nje, nimekaa, naangalia barabara pande zote mbili.