Maji ya kreatini hukaa wapi: ndani ya msuli au chini ya ngozi?

Swali: Daktari, nilianza kutumia kreatini wiki mbili zilizopita katika jimu ya mtaani kwetu Kisauni, gramu 20 kwa siku kwa wiki ya kwanza, sasa gramu 5. Uzito umepanda kilo mbili. Wenzangu wananiambia hayo ni maji tu na kwamba karibuni nitafura uso. Mwalimu wetu wa mazoezi anasema maji hayo yamo ndani ya msuli. Nani ana haki, na maji yanajuaje pa kwenda?

Jibu: Mwalimu wako ana haki kwa upande wa kreatini, lakini kilo zako mbili huenda zisiwe zote za kreatini, kwa hivyo nitakueleza kwanza njia ya maji, kisha tufanye hesabu.

Maji hupita utando wa seli kwa urahisi, ndani na nje, saa zote. Vitu vingi vilivyoyeyuka ndani yake, kama chumvi na kreatini, haviwezi kupita hivyo bila kupitishwa. Katika mwili wenye afya, chembe zilizoyeyuka ndani ya seli na zile zilizoyeyuka nje yake hulingana, takriban milimoli 290 kwa kila kilo ya maji, milimoli ikiwa ni kipimo cha kuhesabia chembe. Upande mmoja ukipata chembe mpya ambazo haziwezi kutoka, maji huvuka kuelekea upande huo mpaka usawa urudi. Kwa hivyo la kuuliza ni kwamba kreatini, baada ya kumezwa, huzuiliwa upande gani.

Ikitoka utumbuni huingia katika damu, na damu huifikisha kila mahali, hata chini ya ngozi. Lakini kuta za mishipa midogo kabisa ya damu zina upenyo unaoruhusu molekuli ndogo kama kreatini kupita bila kizuizi. Kwa sababu hiyo, kiasi chake katika damu na kiasi chake katika maji yaliyo kati ya seli hulingana upesi, na pale ambapo pande mbili zimelingana hakuna upande unaovuta maji. Isiyochukuliwa na seli hurudi katika damu, ikachujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Chini ya ngozi, basi, kreatini ni mpita njia.

Penye utando wa seli ya msuli mambo hugeuka. Hapo pana protini maalumu ya kuisafirisha, ambayo wanasayansi huiandika SLC6A8, na kila inapoingiza molekuli moja ya kreatini huingiza pamoja nayo ioni mbili za sodiamu na moja ya kloridi. Sodiamu ndiyo inayoisukuma, kwa kuwa nje ya seli imejaa na ndani ni chache. Kwa njia hiyo msuli huweza kurundika kreatini mara mamia kuliko ilivyo katika damu, na takriban asilimia 95 ya kreatini yote ya mwili hukaa katika misuli ya mifupa. Ngozi na mafuta yaliyo chini yake hayana akiba ya namna hiyo.

Huenda ukauliza: ikiwa sodiamu nayo imeingia, mbona tusiseme ndiyo inayovuta maji? Ni kwa sababu haiachwi ikae. Utando huohuo una pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, nayo hufanya kazi bila kupumzika, kama baharia anayeyatoa maji katika ngalawa inayovuja. Sodiamu hurudishwa nje, kreatini hubaki. Tena takriban theluthi mbili ya kreatini iliyobaki huungwa na fosfeti kuwa fosfokreatini, akiba ya nishati ya sekunde chache za kuinua chuma kizito, na fosfokreatini ina chaji ya umeme inayoizuia kuvuka utando. Kutoka kwake ni kwa taratibu mno: karibu asilimia 2 ya akiba kwa siku hugeuka kreatinini, ambayo huvuja kwenye damu na kutolewa na figo. Chembe zilizoingia na zisizoweza kutoka ndizo zinazoyashika maji ndani.

Na maji hayo hutoka wapi? Kwanza hutoka palepale nje ya seli, yaani katika maji yaliyo kati ya seli na katika damu. Kwa muda mfupi, basi, kreatini huyapunguza maji ya nje badala ya kuyaongeza. Upungufu huo mdogo huamsha kiu na huziambia figo zibakishe maji, nawe ukinywa pengo huzibwa. Ndiyo maana anayepakia kreatini, yaani anayeanza kwa dozi kubwa kama ulivyofanya wiki ya kwanza, na asinywe maji ya kutosha katika joto letu la Mombasa huhisi kinywa kimekauka, na siyo mwili kufura.

Sasa hesabu. Tuchukue mwanamume wa kilo 75 mwenye misuli ya kilo 30. Msuli ni maji kwa takriban robo tatu, kwa hivyo misuli hiyo ingekaushwa ingebaki kama kilo 7. Kabla ya kutumia nyongeza, kila kilo kavu huwa na takriban milimoli 120 za kreatini kwa jumla. Upakiaji wa gramu 20 kwa siku kwa siku 6 huipandisha kwa karibu asilimia 20, tuseme milimoli 25 zaidi. Mara 7 ni milimoli 175, sawa na gramu 23 hivi za kreatini. Utaona kwamba sehemu kubwa ya gramu 120 alizomeza imeishia msalani. Ukigawanya milimoli 175 kwa 290 unapata lita 0.6 za maji. Hayo ni makadirio, lakini kipimo chake ni sahihi: kreatini yenyewe hueleza zaidi kidogo ya nusu kilo, na hiyo ni nyongeza ya asilimia 2 tu ya misuli. Huo ujazo unaoonekana ni wa kweli, na ngozi iliyo juu ya msuli hubaki nyembamba kama ilivyokuwa, lakini ni mdogo. Anayeahidiwa mikono mipya kwa wiki moja anadanganywa.

Kilo nyingine, basi, zatoka wapi? Baadhi ni chakula kingi zaidi tumboni na glikojeni, ile sukari ya akiba ya msuli, ambayo kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji, nayo pia hukaa ndani ya seli. Lakini mara nyingi ni chumvi. Sodiamu iliyo katika chumvi hukaa upande ulio kinyume na kreatini: pampu niliyoitaja humtupa nje ya seli kila anayeingia, kwa hivyo maji inayoyashika hukaa nje, katika damu na kati ya seli, na huko ndiko uso na vidole hufura. Kiasi chake si siri kwa yeyote aliyewahi kuona dripu hospitalini: gramu 9 za chumvi katika lita moja. Ukila gramu 9 za chumvi na figo zisizitoe, utabaki na lita moja ya maji nje ya seli.

Nilimwona kijana mmoja wa Majengo mwenye lalamiko hilihili. Alikuwa amepakia kreatini kwa siku 6, kila dozi akiikoroga katika nusu lita ya kinywaji cha glukosi kwa kuwa aliambiwa sukari huisukuma kreatini ndani, na jioni baada ya mazoezi akila krisps za muhogo, chipsi na achari. Alikuwa ameongezeka kilo 2.4. Kope zake zilikuwa nzito asubuhi, pete ilimbana, na soksi zilimwachia alama mguuni. Sukari kweli husaidia kreatini kuingia, kwa kupitia insulini, lakini insulini hiyohiyo huziambia figo zibakishe sodiamu. Hatukugusa kreatini hata kidogo. Tuliondoa glukosi na vyakula vya chumvi, akaendelea na dozi ileile katika maji matupu. Baada ya siku 4 alikuwa amepungua kilo 1.3, kope na pete zimerudi hali yake, ilhali tepu ya kupimia ilionyesha mkono wa juu na paja havikupungua. Maji yaliyotoka yalikuwa ya nje ya seli. Ya msuli yalibaki, kwa kuwa kilichoyashika hakikuondolewa.

Fanya jaribio hilohilo kwako. Jipime asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, na upime mkono na paja kwa tepu mahali palepale. Uzito wa kreatini hupanda katika wiki ya kwanza kisha husimama, kwa sababu msuli una kikomo, kama milimoli 160 kwa kilo kavu, na aliyezoea kula samaki na nyama kwa wingi huwa karibu na kikomo hicho tangu mwanzo, kwa hivyo hupata nyongeza ndogo. Uzito unaopanda na kushuka kilo nzima kati ya Ijumaa na Jumatatu ni wa chumvi na chakula. Ikiwa upakiaji unakusumbua, Hultman na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba gramu 3 kwa siku kwa siku 28 hukufikisha palepale, na maji huingia polepole kiasi cha kutoonekana kwenye mizani.

Usinielewe kwamba hakuna hata tone linaloongezeka nje. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 ulipima maji ya mwili mzima na kukuta yameongezeka, na uwiano wa ndani na nje ya seli haukubadilika. Maana yake ni kwamba ukinywa na kula zaidi, nje nako hupata fungu lake la kawaida. Hilo ni mbali sana na kufura.

Jambo moja usilichukulie kuwa la kreatini. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kumi. Kishimo kikibaki baada ya kuondoa kidole, basi kwa kawaida maji yaliyozidi kati ya seli yamefika lita kadhaa, na kreatini haina uwezo huo. Acha nyongeza zote na uende hospitali ukapimwe moyo, figo na mkojo, hasa ikiwa mkojo una povu au pumzi hukatika unapolala chali. Utakapopimwa, mwambie daktari kwamba umekuwa ukitumia kreatini, kwa sababu kreatinini ya damu, ambayo hupimwa ili kujua hali ya figo, inaweza kupanda kidogo kwa ajili ya nyongeza hiyo peke yake bila figo kuwa na kasoro, naye atahitaji kipimo kingine, kama sistatini C, ili asikupe jina la mgonjwa wa figo kwa makosa.