Kodi ya pango inayolipwa mwanzoni mwa mwaka: namba tatu, mkataba mmoja

Swali: Shikamoo mhasibu. Tumepanga ofisi kwa miaka 5, kodi shilingi 12,000,000 kwa mwaka, na tunalipa kila mwaka unapoanza. Kwa riba ya asilimia 12 nimepata thamani ya sasa 43,257,314. Mwenzangu kapata 48,448,192, na mkaguzi anasema deni ni 36,448,192. Nani amekosea?

Jibu: Marahaba. Mwenzako na mkaguzi wote wako sawa, ila kila mmoja anajibu swali lake. Namba yako nayo imepigwa vizuri, lakini ni ya mkataba mwingine: ule ambao kodi hulipwa mwaka unapokwisha.

Excel usipoiambia lolote huchukulia kwamba malipo yanafanyika mwishoni. Namba ya mwisho ndani ya fomula ndiyo inayobadilisha: 0 ni mwishoni, 1 ni mwanzoni.

```
=PV(0.12,5,-12000000,0,0)   → 43,257,314
=PV(0.12,5,-12000000,0,1)   → 48,448,192
```

Ukilipa mwanzoni, kila moja ya kodi zako tano inatoka mfukoni mwaka mmoja mapema, kwa hiyo kila moja inakosa punguzo la riba la mwaka mmoja. Ndiyo maana namba ya pili ni ile ya kwanza mara 1.12, na tofauti yake ni 5,190,878. Kodi ingelipwa kila mwezi, tofauti ingekuwa riba ya mwezi mmoja tu. Ni kwenye kodi ya mwaka mzima, kama yenu, ndipo kosa hili linapouma.

Sasa mkaguzi. IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya pango kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kinasema katika aya ya 26 kwamba deni la pango ni thamani ya sasa ya malipo *ambayo bado hayajalipwa* siku mkataba unapoanza. Kodi yenu ya kwanza ililipwa siku hiyohiyo. Kilichokwisha kulipwa si deni tena. Toa 12,000,000 kwenye 48,448,192, unabaki na 36,448,192. Unaweza kuihakiki kwa njia nyingine: malipo manne yaliyobaki, la kwanza likiwa mwaka mmoja mbele, ni sawa na malipo manne ya mwishoni.

```
=PV(0.12,4,-12000000,0,0)   → 36,448,192
```

Ile 48,448,192 haipotei. Ndiyo gharama ya mali yenu, yaani haki ya kutumia ofisi, kwa sababu aya ya 24 inajumlisha deni na kodi iliyolipwa siku ya kuanza au kabla yake. Kama hakuna gharama nyingine za kupata mkataba, uchakavu ni hiyo namba kugawa kwa 5, yaani 9,689,638 kwa mwaka.

Jedwali la deni linakwenda hivi. Mwaka wa kwanza unaanza na 36,448,192; riba ya asilimia 12 ni 4,373,783, deni linafika 40,821,975. Asubuhi ya mwaka wa pili mnalipa 12,000,000, linabaki 28,821,975. Endelea hivyo: baada ya kodi ya mwaka wa tatu linabaki 20,280,612, baada ya ile ya mwaka wa nne 10,714,286. Mwaka wa nne unaongeza riba ya 1,285,714, deni linatimia 12,000,000 kamili, na kodi ya tano inalimaliza. Mwaka wa tano hauna riba hata senti, kwa sababu mnakaa kwenye ofisi mliyokwisha kuilipia. Mhasibu akikuletea riba ya mwaka wa tano kwenye mkataba wa aina hii, rudisha jedwali lake.

Hapo ndipo pa kukamatia makosa. Ukianza na 43,257,314 yako halafu ukakata kodi mwanzoni mwa kila mwaka, kodi ya tano itakuacha na deni hasi la takriban 8,168,000. Ukianza na 48,448,192 na kukata mwishoni, miaka 5 itakwisha ukiwa bado unadaiwa takriban 9,148,000 ambazo mwenye nyumba hazijui. Nawasihi wahasibu wenzangu wasifute salio kama hilo kwa ingizo la kusawazisha. Salio hilo linakuambia kwamba wakati wa malipo uliouweka kwenye fomula haufanani na ule uliouweka kwenye jedwali.

Mtego mmoja zaidi, hasa kodi ikiwa inapanda kila mwaka na `PV` haikufai tena. Hapo utatumia `NPV`, fomula ya Excel inayokubali malipo yasiyolingana, lakini haina sehemu ya kuchagua 0 au 1. Hupunguza hata malipo ya kwanza kwa mwaka mzima. Kama kodi zimeandikwa kuanzia B2 hadi B6, iache ya kwanza nje kwa ajili ya mali:

```
=B2+NPV(0.12,B3:B6)
```

Kwa deni, tumia `NPV` ya B3 hadi B6 peke yake.