Kabla hujatoa namba: jinsi ya kuwaunganisha watu wawili wa kazi

Nauza vifungashio: chupa, vifuniko, mifuko, lebo. Upande mmoja nafahamiana na wasindikaji wadogo, upande wa pili na mafundi na wataalamu waliokaa viwandani miaka mingi. Siku haipiti bila mtu kuniambia, "Dada, niunganishe na fulani." Nyinyi mnaoanza kazi mtaombwa hivyo mapema kuliko mnavyodhani, na wengi mtafanya kama nilivyofanya mimi mwanzoni.

Nitawaita watu wa kisa hiki Rehema na Injinia, inatosha. Rehema alikuwa na miaka 24, anatengeneza sosi ya pilipili kwenye chumba cha nyuma ya nyumba. Injinia ni mzee wa miaka sitini na kitu, mstaafu, kazi yake yote ilikuwa kwenye mitambo ya kujazia chupa. Rehema aliponiomba, nikafungua kundi la WhatsApp la watu 3, nikaandika: "Injinia huyu ni Rehema, Rehema huyu ni Injinia niliyekwambia, karibuni muwasiliane." Nikaendelea na mambo yangu. Wiki mbili zikapita, hakuna aliyeandika neno.

Nilipomuuliza Rehema akasema, "Dada, ningeanzaje mimi kumwandikia mtu mzima? Nilijua akipata nafasi ataniita. Halafu sikujua nimwiteje, Mzee, Injinia au Bwana fulani." Injinia naye alisema, "Mwenye shida ndiye anayeandika, nikawa namsubiri. Na hukusema anataka nini. Siku hizi wengi wakitafuta namba yangu wanataka kazi au mchango." Kisha akaongeza, kwa upole lakini nililisikia: "Ungeniuliza kwanza."

Ndipo nikaona kosa lilikuwa langu. Wote wawili walikuwa watu wa adabu, na adabu hiyo hiyo ndiyo iliyowafunga midomo. Kijana hamtangulii mkubwa. Mkubwa hamkimbilii mtu ambaye shida yake hajaambiwa. Na Injinia, hata kama angetaka kukataa, angekataa wapi? Ndani ya kundi, mbele ya binti mwenyewe na mbele yangu niliyemleta? Kimya kilikuwa njia pekee ya heshima niliyomwachia.

Tangu siku hiyo simpi mtu namba ya mwingine kabla ya kuzungumza na kila mmoja peke yake, na naanza na mwenye shida. Namwambia aniandikie mistari minne au mitano, kwa maneno yake, ambayo ninaweza kumpelekea mtaalamu kama ilivyo. Mara ya kwanza Rehema aliandika hivi: "Mimi ni mjasiriamali chipukizi, naomba ushauri wa usindikaji kutoka kwa mtu mwenye uzoefu." Ombi la namna hiyo linamchosha mtu kabla hajajibu, kwa sababu halina mwanzo wala mwisho. Aliyelisoma haoni ni saa ngapi za maisha yake zinaombwa.

Nikamrudishia, nikamuuliza ni nini hasa kimeharibika na kimeharibika lini. Akaandika upya:

"Natengeneza sosi ya pilipili, najaza kwenye chupa za kioo za mililita 250. Baada ya wiki 3 vifuniko vinafura na sosi inachuruzika pembeni. Napika hadi inachemka, naweka siki. Naomba kujua kama tatizo linatoka kwenye joto la kujazia, kwenye vifuniko au kwenye sosi yenyewe. Dakika 20 za simu zitanitosha, na picha za chupa ninazo."

Mtu aliyewahi kujaza chupa akisoma haya jibu linaanza kumjia kichwani hapo hapo. Mtaalamu halisi hujisikia vizuri kujibu swali analolijua, na dakika 20 zinamwambia kwamba hakuna anayekuja kuhamia kwake. Kwa uzoefu wangu nusu ya kazi ya kuunganisha iko kwenye mistari hii, na nikiona mtu hataki kuiandika, simuunganishi.

Namuuliza pia Rehema kama niko huru kuonyesha alichoandika. Wengine wanaficha kiungo chao, wengine hawapendi ijulikane kwamba bidhaa yao ina hitilafu, na mwingine hataki namba yake itoke. Mwenye shida naye ana haki ya kuulizwa. Rehema alikuwa ameshalijua jina la Injinia, lakini kwa wengine jina la mtaalamu silitaji bado. Nikilitaja halafu mtaalamu akakataa, nimeshamwacha na uchungu dhidi ya mtu ambaye hawajaonana.

Kisha namwandikia mtaalamu inboksi, yeye peke yake. Lau ningeanza hivyo tangu mwanzo, Injinia angepata ujumbe huu:

"Injinia shikamoo. Kuna binti ni mteja wangu wa chupa kwa mwaka mmoja, analipa vizuri na anasikia anapoelekezwa. Ana tatizo la vifuniko kufura, maelezo yake nimeyaweka hapa chini. Anaomba dakika 20 za simu, si kazi wala fedha. Ukiwa na nafasi nimpe namba yako, akuandikie yeye. Ukiwa na mambo mengi, niambie tu na halitafika kwake, hajui kwamba nimekuuliza wewe."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayowasihi msiisahau. Inamfungulia mlango wa kukataa bila aibu, na mtu akishaona mlango uko wazi hukaa kwa raha zaidi. Angalieni pia nilivyomweleza Rehema: nimesema namjua kwa nini na kwa muda gani, na nimeishia pale ninapomjua. Sikusema ni mtaalamu wala sosi yake ni tamu kuliko zote. Ukimsifu mtu kupita unavyomjua, unamkabidhi mzigo wa kufanana na sifa zako, na yule mwingine akigundua ataacha kukuamini na wewe.

Asipojibu kwa siku 4 au 5 nakumbusha mara moja. Akinyamaza tena, nahesabu amekataa, na mwenye shida namwambia, "Niliyemfikiria kwa sasa amebanwa, natafuta mwingine." Sababu siziongezi.

Hapa kuna suala la sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Lakini hata pasingekuwa na sheria, Injinia alishaniambia kwa mdomo wake kwamba alitaka kuulizwa.

Akikubali, ndipo unakuja ujumbe wa kuwakutanisha. Ule wa Injinia na Rehema, mara ya pili, niliutuma kwa barua pepe kwa sababu Injinia anaipenda. Ulikuwa hivi:

"Injinia shikamoo. Rehema, habari za leo.
Injinia, huyu ni Rehema wa sosi ya pilipili tuliyemzungumzia. Rehema, Injinia amefanya kazi ya kujaza chupa viwandani kwa zaidi ya miaka 30 na amekubali kukusikiliza. Sisi wote tunamwita Injinia, nawe mwite hivyo.
Rehema, mwandikie leo au kesho, weka picha 3 za vifuniko. Injinia anapatikana kwa simu Jumamosi asubuhi. Kiswahili kinatosha.
Mkiendelea, msihangaike kuniweka kwenye majibu."

Mtaona nimewasalimia mmoja mmoja. "Habari zenu" ya jumla inamchanganya mkubwa na mdogo kwenye chungu kimoja, na mdogo anapata taabu kwa sababu hajui kama aanze na shikamoo. Nimemtaja mkubwa kwanza. Nimesema aitweje, na hili msilidharau. Katika lugha yetu huwezi hata kuanza sentensi ya kwanza kabla hujajua unazungumza na Mama, Dada, Daktari au Bwana fulani, na wengi wanaonyamaza wamekwama hapo hapo. Nimesema lugha, maana vijana wetu wengi hudhani barua ya kazi lazima iwe ya Kiingereza, wanaifuta na kuiandika mara tano, mwisho hawaitumi. Na nimesema nani anaanza na lini. Pasipo hilo kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa heshima.

Ile sentensi ya mwisho ina kazi yake pia. Nikibaki kwenye majibu, Rehema ataona haya kueleza mbele yangu kwamba huenda vifuniko nilivyomuuzia mimi ni vibovu. Kwa hiyo Rehema anapojibu, anashukuru kwa mstari mmoja na kuihamishia anwani yangu kwenye Bcc. Naliona jibu lake la kwanza, najua wamekutana, na yanayofuata hayanifikii. Kwa WhatsApp siwezi kufanya hivyo, ndiyo maana sifungui kundi tena. Kundi linaonyesha namba za wote papo hapo, na anayetoka, mimi msimamizi wa kundi najulishwa. Namtumia mwenye shida namba, namwambia mtaalamu kwamba nimeitoa na ajue ataandikiwa na nani, basi.

Kuna kosa moja la barua pepe linalotuumiza sana. Niliwahi kubonyeza Forward ili kumpelekea mtaalamu maelezo ya kijana mmoja, sikuangalia chini. Kule chini yalikuwepo mazungumzo yangu na mwenzangu wa ofisini, ambapo niliandika kwamba kijana yule "bado mbichi, lakini anajitahidi". Mtaalamu akajibu kwa kumjumuisha kijana, na kijana akasoma yote. Aliendelea kununua chupa kwangu kwa miezi michache kisha akaacha, na sikumlaumu. Tangu hapo nafungua barua mpya, nanakili mistari minne inayohitajika, nabandika. Inachukua dakika moja zaidi.

Yapo maombi ambayo utaratibu huu hauyaokoi. Nisipomjua mmoja wao zaidi ya kubadilishana kadi, siunganishi, namwambia tu mwenye shida mtu huyo anafanya kazi gani na kwamba simfahamu vya kutosha. Na penye deni la zamani au ugomvi wa biashara kati ya wawili hao, nakaa mbali.

Rehema aliandika jioni ile ile. Jumamosi Injinia akamuuliza swali moja kabla ya mengine yote: sosi inakuwa na joto kiasi gani inapoingia kwenye chupa? Hakujua. Alikuwa anaipika vizuri hadi inachemka, lakini alijaza chupa moja moja kwa kijiko, hivyo chupa za mwisho zilipokea sosi iliyokwisha kupoa. Injinia akamwambia anunue kipimajoto, asijaze chini ya nyuzi 85, akishafunga tu ailaze chupa kichwa chini kwa dakika chache ili joto lifike kwenye kifuniko, na apime uchachu wa sosi badala ya kukisia siki.

Mimi niliyajua hayo baada ya wiki 5, nilipomuuliza Rehema, si Injinia, kama walifanikiwa. Akaniambia chupa za majaribio zimekaa mwezi mzima na vifuniko havijafura. Nikamwomba aniandikie sentensi hiyo hiyo pamoja na picha, nikampelekea Injinia. Alijibu usiku ule: "Mwambie asiache kupima uchachu. Na yule mwingine uliyesema ana shida ya lebo, mpe namba, aandike Jumamosi."